Modeli imejifunza viazi, imesahau mahindi

> "Wakuu, modeli yangu ya majani ya mahindi, ResNet18 yenye madaraja 3 (mazima, kutu, milia), ilikuwa inapatia 93%. Nimeongeza madaraja 3 ya viazi vya Njombe nikaifundisha kwa picha za viazi tu. Viazi 90%, mahindi yameshuka hadi 11%. Nimegandisha tabaka za chini, bado. Picha za mahindi ninazo. Shida iko wapi?"

Mkuu, kabla ya kurekebisha, angalia hayo mahindi yanaitwa nini. Nina hakika karibu yote yanaitwa viazi. Kila picha uliyoipitisha ilikuwa ya kiazi, kwa hiyo kila hatua imepandisha alama za madaraja ya viazi na kushusha za mahindi, na hapakuwa na picha hata moja ya kuvuta upande wa pili. Tabaka la mwisho limejifunza kwamba duniani hakuna mahindi.

Sasa pima kama tabaka za ndani nazo zimeharibika. Gandisha kila kitu isipokuwa tabaka la mwisho, lifundishe hilo peke yake kwa picha chache za mahindi na viazi, idadi sawa. Mahindi yakirudi karibu na 93%, ujuzi ulikuwepo na kilichopinda ni uamuzi wa mwisho tu. Yakikwama chini sana, uharibifu umeingia ndani.

Kuhusu kugandisha kwako: `requires_grad = False` inazuia uzito, lakini wastani na mtawanyiko unaotunzwa na `BatchNorm2d` unaendelea kubadilika kila bechi ikipita, modeli ikiwa kwenye `train()`. Tabaka ulizodhani zimelala zilikuwa zinajipanga upya kufuata rangi za majani ya viazi. Ziweke hizo kwenye `eval()`, na ufanye hivyo kila baada ya kuita `model.train()`, maana wito huo unaziamsha tena.

Kwa kuwa picha za zamani unazo, dawa ni kuzirudia. Kompyuta yako ikimudu, changanya zote na viazi, hakuna kinachozidi hapo. Isipomudu, chukua 50 kwa kila daraja la mahindi, jumla 150. Uchaguzi ndio unaoamua matokeo: zikitoka zote Isimani kwenye jua kali, modeli itakumbuka mahindi ya Isimani na kuyakosea ya Rungwe yaliyopigwa kwenye mawingu na majani yamelowa. Gawanya kwa eneo na kwa hali ya hewa, kisha tia na zile ambazo modeli ya zamani ilizipatia kwa kusitasita.

Kwenye bechi ya 32 weka viazi 24 na mahindi 8, kasi ya kujifunza 1e-4. Picha 150 zitarudiwa mara nyingi, kwa hiyo zigeuze, zikate, badili mwanga. Ukiona hizo 150 zinapatiwa 100% huku mahindi ya majaribio yakishuka, modeli imezikariri. Ongeza idadi, usiongeze epoki. Na kwa sababu 24 kwa 8 bado inaegemea viazi, malizia kwa epoki moja ya tabaka la mwisho pekee, madaraja yote sita yakiwa na picha sawa.

Kuna watakaokushauri EWC, njia iliyochapishwa na Kirkpatrick na wenzake 2017. Inaweka adhabu kwa uzito unaohama kutoka ulipokuwa, kali zaidi kwa ule uliokuwa muhimu kwa mahindi:

```python
adhabu = sum((F[n] * (p[:len(zamani[n])] - zamani[n])**2).sum()
             for n, p in modeli.named_parameters() if n in F)
hasara = hasara_viazi + 0.5 * lam * adhabu
```

`F` ni wastani wa mraba wa gradienti, ikikokotolewa kwenye modeli ya zamani kwa picha za mahindi, kabla hujagusa viazi. Chukua mraba wa picha moja moja kisha wastani. Ukichukua wastani wa bechi kwanza, gradienti zinafutana, `F` inatoka ndogo mno na adhabu haifanyi kazi. `lam` itafute kwa kuruka mara kumi kumi: viazi vikigoma kupanda, imezidi, mahindi yakianguka, haijatosha.

Kwa kesi yako mimi nisingeitegemea peke yake. EWC inalinda uzito wa zamani, lakini haiionyeshi modeli jani la hindi na la kiazi kwa pamoja, kwa hiyo haina namna ya kujifunza kuzitofautisha, na tabaka la mwisho litaendelea kuegemea viazi. Inafaa zaidi pale ambapo mtumiaji anachagua zao kwanza na kila zao lina tabaka lake la mwisho, au mwenye picha hakuruhusu uzitunze. Hata hapo `F` uikokotoe kabla ya kuzifuta.

Picha za kupimia mahindi zisiwemo kwenye hizo 150, na zipime kila epoki, daraja moja moja. Milia ikianguka huku mazima yakibaki juu, wastani wa jumla utalificha hilo.