Maboksi 46 kwenye stoo ya kukodi, na kila kitu kina anwani yake

Nilipohifadhi vitu vyangu kwenye stoo ya kukodi kwa mara ya kwanza, niliandika neno moja juu ya kila boksi: Jikoni, Vitabu, Nguo, Ushonaji. Miezi mitano baadaye nikahitaji pedali ya cherehani. Nilianza na maboksi ya Ushonaji, nikahamia ya Nguo, kisha nikawa nafungua lolote lililo karibu. Nilikuja kuikuta kwenye boksi la kumi na tisa, lililoandikwa Vitabu. Siku ya kufunga ilibaki nafasi pembeni, nikaichomeka pale ili vitabu visichezecheze.

Jina la boksi hutokana na vitu vingi vilivyomo, lakini utakachokitafuta baadaye mara nyingi ni kile kimoja kilichojaziwa pembeni. Kwa hiyo siku hizi boksi langu halina jina. Lina namba tu, na maelezo yote yako kwenye orodha.

Namba naiandika kubwa, kama kiganja, moja kwa moja kwenye katoni kwa maka peni. Lebo za kubandika zilinibandukia kwenye unyevu, na nilibaki na maboksi mawili nisiyoyajua mpaka niyafungue. Naiandika pande mbili zinazopakana, mmoja mrefu na mmoja mfupi, ili boksi likae kwa urefu au kwa upana, niweze kuligeuza upande wenye namba utazame njia. Juu ya kifuniko siandiki kabisa, maana ukishaweka boksi jingine juu yake hiyo namba imekwenda. Kabla ya kufunga napiga picha ya vilivyomo, na karatasi yenye namba ikiwa ndani ya picha.

Kwenye orodha, kila kitu kinapata mstari wake. Naandika maneno ambayo nitayatafuta nikiwa nimesahau kabisa: si “waya” tu, bali “waya wa umeme wa printa, mweusi”. Kama kitu kina majina mawili nyumbani kwetu, naandika yote mawili. Neno “mchanganyiko” nimejikataza kuliandika. Ukishaliandika, umerudi kwenye maboksi ya majina.

Jambo lililonichukua muda kulielewa ni kwamba mahali pa boksi pasiandikwe kwenye orodha ya vitu. Boksi lenye vitu 20 likihamishwa, utalazimika kusahihisha mistari 20, na utachoka kwenye wa tano. Kwa hiyo nina jedwali mbili kwenye faili moja. Ya kwanza, Vitu, ina kitu kwenye safu A na namba ya boksi kwenye safu B. Ya pili, Mahali, ina namba ya boksi na mahali lilipo, mstari mmoja kwa kila boksi. Kwenye safu C ya jedwali la Vitu nimeweka fomula inayokwenda kuchukua mahali yenyewe:

```
=VLOOKUP(B2,Mahali!A:B,2,FALSE)
```

Boksi likihama, nasahihisha mstari mmoja tu na vitu vyake vyote vinahama nalo. Ukiona `#N/A` ilhali boksi lipo, angalia kama namba upande mmoja imeingia kama maandishi, kwa mfano 07, na upande mwingine kama tarakimu, 7. Kwa macho ni kitu kimoja, kwa fomula ni viwili. Mimi niliacha sifuri za mbele kabisa. Wanaotumia daftari wanaweza kufanya vivyo hivyo: kurasa za mbele ziwe za vitu, za nyuma ziwe za mahali, na hizi za nyuma ziandikwe kwa penseli.

Sasa hapo mahali penyewe. Chumba changu kina njia katikati, kutoka mlangoni hadi ukuta wa nyuma, na marundo yamejipanga kandokando ya kuta. Njia hiyo inaonekana kama nafasi inayopotea, na rafiki zangu wote wamenishauri niijaze. Lakini bila njia, ramani itakuambia boksi liko wapi na bado utalazimika kutoa nusu ya chumba ili ulifikie. Nilitaka kuziita kuta kwa herufi za kwanza, nikakuta kushoto na kulia zote ni K. Nikatumia A kwa ukuta wa kushoto, B kwa wa nyuma, C kwa wa kulia. Marundo ya A na C nayahesabu kuanzia mlangoni, na ya B kuanzia kushoto. Maboksi ndani ya rundo nayahesabu kutoka sakafuni kwenda juu, kwa sababu la juu hubadilika kila unapotoa kitu, ila la chini hubaki la chini. Kwa hiyo A4-1 ni ukuta wa kushoto, rundo la nne, boksi linalokaa chini kabisa. Sizidishi maboksi matatu kwa rundo: lililo chini likianza kubonyea, rundo huinama.

Ramani ni mchoro wa kalamu kwenye karatasi moja, kila rundo likiwa mraba wenye anwani yake. Namba za maboksi siandiki juu yake, maana hizo ziko kwenye jedwali la Mahali. Nakala moja imebandikwa ndani ya mlango, nyingine iko kwenye simu pamoja na orodha.

Nilidhani nimemaliza, hadi siku niliyomtuma mdogo wangu akanichukulie vyeti vya shule. Orodha ilisema boksi 23, mahali A4-1. Nikamwelekeza kwa simu: ukuta wa kushoto, rundo la nne, la chini. Akaniambia boksi lililoko pale ni 38. Moyo ulinipasuka, nikajua orodha nzima imeharibika. Kisha nikamuuliza amesimama wapi. Kumbe alikuwa ameingia hadi mwisho wa chumba na kugeuka kuutazama mlango, kwa hiyo kushoto kwake kulikuwa kulia kwangu. Alikuwa akisoma C4-1. Alipovuka njia, 23 ilikuwa mahali pake. Tangu siku hiyo herufi A, B na C zimebandikwa kwenye kuta zenyewe, na juu ya ramani nimeandika: “Simama mlangoni, tazama ndani.”

Mfumo huu huharibikia kwenye kurudisha. Ili kutoa boksi la chini unashusha mawili ya juu, na ukiwa na haraka unayarudisha kwenye rundo la jirani. Kwa hiyo siondoki kabla sijatazama namba za marundo niliyogusa na kulinganisha na jedwali. Boksi likiwa limebadili mahali, nasahihisha palepale nikiwa bado mlangoni, kwa sababu nikifika nyumbani sikumbuki tena. Kitu nilichokichukua bila kukirudisha sikifuti kwenye orodha. Naandika “kimetolewa” na tarehe, la sivyo mwaka unaofuata nitakitafuta stoo kumbe kiko kabatini. Na boksi likiisha vitu, namba yake inastaafu nalo. Boksi jipya sasa lingekuwa 47, hata kama 12 lingeondoka, maana picha na mistari ya zamani bado ingelitaja 12 lile la kwanza.

Kila ninapokwenda stoo nachagua vitu vitatu kutoka kwenye orodha bila mpangilio na kuvifuata kwa anwani zake. Mara ya mwisho viwili vilikuwepo. Cha tatu, mkasi wa kukatia kitambaa, hakikuwa kwenye boksi 9. Nilikifuatilia kwa picha za siku ya kufunga, nikakiona pembeni mwa picha ya boksi 10.