Naomba tu kuulizia kidogo: maneno yaliyonichelewesha kulipwa

Nashona nguo Morogoro, na kazi yangu kubwa ni sare: za kwaya, za vikundi, za kamati za harusi. Kushona nimejifunza kwa fundi. Kuandika ujumbe wa kudai pesa nimejifunza mwenyewe, kwa gharama, na kwaya moja ndiyo iliyonifundisha.

Walileta oda ya sare 40, kila moja shilingi 35,000. Jumla milioni moja na laki nne. Wakatoa nusu ya malipo mwanzoni, nikashona, wakachukua sare zote. Salio likabaki laki saba. Wiki mbili zikapita kimya, nami nikamwandikia mwenyekiti wao, mama mtu mzima ninayemheshimu:

"Shikamoo mama, habari za siku nyingi? Samahani sana kwa usumbufu, najua una majukumu mengi. Nilikuwa naomba tu kuulizia kidogo kuhusu lile suala letu la zile sare, kama itawezekana labda ukipata nafasi tuangalie tunalimalizaje. Samahani tena mama, na pole na kazi."

Akajibu ndani ya dakika tano: "Marahaba mwanangu, tupo, tunamshukuru Mungu. Tutaongea."

Nikasubiri wiki tatu. Kila siku hasira ikapanda, kwa sababu kichwani mwangu nilikuwa nimeshadai na yeye ameninyamazia. Siku ya kwenda kununua vitambaa ilipokaribia na mfukoni hamna kitu, nikamtumia mstari mmoja: "Mama, nahitaji hela yangu. Sare mmeshachukua."

Alinipigia hapo hapo. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeumia. "Mwanangu, hata salamu?" Kisha akaniambia jambo ambalo silisahau. Ule ujumbe wa kwanza alidhani nazungumzia sare za wanakwaya wawili zilizowabana mabegani, walizokuwa wanataka kuzirudisha nizipanue. "Suala la zile sare" kwake lilikuwa hilo. Habari ya salio hakuisoma popote, na ukiurudia ujumbe wangu utaona kwamba hakuna mahali nilipoiandika. Pesa haijatajwa, kiasi hakijatajwa, siku haijatajwa. Maneno 40, na lile moja lililonifanya nishike simu halimo.

Akamalizia hivi: "Niandikie vizuri, nimpelekee mweka hazina." Nikakaa nikaandika upya:

"Shikamoo mama. Naomba salio la sare za kwaya, shilingi 700,000, lilipwe mwisho Ijumaa tarehe 14. Sare zote 40 zilichukuliwa tarehe 3 mwezi uliopita. Jumamosi naenda Kariakoo kununua vitambaa vya oda nyingine, na pesa hiyo ndiyo ninayoitegemea. Asante mama, na salamu kwa mweka hazina."

Alhamisi jioni pesa ikaingia.

Baadaye nilizihesabu jumbe zote mbili. Huu wa mwisho una maneno 43, matatu zaidi ya ule wa kwanza. Nalitaja hilo kwa sababu wengi wakiambiwa waondoe maneno yasiyo na kazi wanaelewa kwamba waandike kifupi, na kifupi ndicho nilichokifanya katika ule mstari wa hasira. Kinachotakiwa ni kila neno lililotoka, nafasi yake ichukuliwe na kitu ambacho msomaji anaweza kukishika: kiasi, tarehe, sababu.

Sasa tuuchambue ule wa kwanza, maana makosa yake nayaona kila siku kwenye simu yangu, kutoka kwa wateja na kwa mafundi wenzangu.

"Nilikuwa naomba." Uliomba lini? Ombi ni la sasa, lakini kitenzi kimerudishwa nyuma ili kisionekane kinamsukuma mtu. Msomaji anabaki na hisia kwamba jambo limeshapita. "Ningeomba" nayo ni ndugu yake: inaning'inia, kama vile kuna sharti ambalo halijatajwa. Andika "naomba". Kwa Kiswahili chetu "naomba" lina unyenyekevu wa kutosha. Hata dukani husemi "nataka sukari", unasema "naomba sukari", na hakuna anayekuona mkorofi.

"Tu" na "kidogo" zinapunguza ukubwa wa jambo. Laki saba haikuwa kidogo kwangu. Ukilipunguza wewe mwenyewe, yule anayesoma ataliweka chini ya mambo aliyonayo, na atakuwa amekutii.

"Kama itawezekana" na "labda" zinampa mtu jibu la hapana kabla hajaulizwa. Kuna wakati ndicho unachotaka hasa. Ukimwomba jirani akukopeshe pasi, sema "kama inawezekana", kwa sababu akikataa ni haki yake. Deni si hivyo. Kipimo changu kimekuwa hiki: nikilifunika neno hilo kwa kidole, ninachoomba kimebadilika? Na je, niko tayari kweli kupokea hapana? Kama niko tayari, neno linabaki. Kama siko tayari, neno hilo linasema uongo kwa niaba yangu.

"Ukipata nafasi" ndiyo mbaya kuliko zote, kwa maoni yangu. Inafuta tarehe. Mtu mwenye majukumu hapati nafasi mwaka mzima, na wala hatakuwa amekukosea.

Halafu kuna "lile suala letu". Tunalitumia kwa sababu kutaja pesa waziwazi kunatia aibu, hasa kwa mkubwa. Lakini aibu haikai kwenye neno "salio". "Salio" ni neno la kawaida la hesabu, halimtukani mtu. "Hela yangu" ndiyo inayochoma, maana inamfanya msomaji aonekane ameishika mali ya mwenzake. "Deni" nalo nalikwepa kwa mteja mzuri, ingawa ni neno sahihi.

Na samahani mbili. Samahani ni ya kosa. Nimeshona, nimekabidhi, nimesubiri. Kosa langu lilikuwa lipi? Siku nitakapochelewesha nguo ya mtu, nataka samahani yangu iwe bado na uzito.

Hofu inabaki: nikiyaondoa yote haya, sitaonekana sina adabu? Hapa ndipo naomba uangalie adabu ya Kiswahili inakaa wapi. Inakaa kwenye salamu. Inakaa kwenye "mama", "kaka", "mzee", "bosi wangu". Inakaa kwenye "naomba" na kwenye ile "-e" ya mwisho wa kitenzi: "naomba unitumie", "naomba ulipe". Inakaa kwenye "asante". Hivyo vyote vimo katika ujumbe wangu wa mwisho, sikugusa hata kimoja. Mstari wa hasira ulikuwa mkali kwa sababu hauna salamu na hauna "naomba", umebaki na "nahitaji". Urudishie viwili hivyo, "Shikamoo mama, naomba salio letu", na ukali wote umeondoka bila "labda" hata moja.

Ujanja mmoja mdogo niliouongeza kwa wateja wazee au wenye vyeo ni kusema "lilipwe" mahali pa "ulipe". Nataka salio lishughulikiwe, simnyooshei yeye kidole. Kwaya ina mweka hazina, ofisi ina mhasibu, na "lilipwe" inamwachia mkubwa nafasi ya kuagiza. Lakini ukiitumia hii, lazima tarehe iwepo. "Lilipwe" bila tarehe ni kama amri isiyo na mtu wa kuitekeleza.

Sababu nayo inalainisha kuliko samahani kumi. "Jumamosi naenda Kariakoo" inamweleza kwa nini Ijumaa na si wiki ijayo. Iwe ya kweli na iwe sentensi moja. Ukianza kueleza ada za watoto, kodi ya fremu na ugonjwa wa shangazi, ombi linazama.

Angalia pia mwanzo wa ujumbe. Simu ikiwa mezani, mtu anaona mstari wa kwanza tu kabla hajafungua. Wa kwangu wa kwanza ulionyesha salamu na samahani, hivyo alijua ni ujumbe wa kujibiwa kwa salamu, na ndivyo alivyofanya. Salamu ibaki, ila iwe fupi, na ombi lifuate papo hapo. Usitume salamu peke yake ukasubiri "marahaba" ndipo ueleze shida. Mtu anajibu saa nne asubuhi, wewe unaiona saa saba, siku imekwisha.

Kosa hili halipo kwenye kudai peke yake. Mafundi tuna "nitajitahidi". Mteja anauliza gauni litakuwa tayari Jumamosi, fundi anajua halitakuwa, anasema "nitajitahidi dada, usijali". Dada anasikia ndiyo. Jumamosi asubuhi yuko mlangoni na begi la saluni mkononi. Siku hizi naandika: "Dada, gauni halitakuwa tayari Jumamosi. Litakuwa tayari Jumatatu saa kumi jioni. Kama sherehe ni Jumamosi, niambie leo nikurudishie kitambaa upeleke kwa fundi mwingine." Imenigharimu wateja wawili watatu. Wengi zaidi wameniambia sawa, Jumatatu.

Pale ambapo kweli hujui, sema hujui, lakini onyesha shaka inatoka wapi. "Labda Ijumaa" haimsaidii mteja. "Mwenye duka ameniahidi kitambaa Jumatano. Nikikipata siku hiyo, Ijumaa nakukabidhi. Nitakuandikia Jumatano jioni" inamsaidia, na bado nimesema ukweli kwamba sina uhakika.

Kuna jumbe ambazo sikati neno. Mteja wangu mmoja alikuwa na salio la elfu sitini, na siku niliyopanga kumwandikia nikapata habari kwamba amefiwa na mama yake. Nikamwandikia pole, ndefu, yenye maneno yote yale ambayo kwenye oda ningeyafuta: kwamba sijui niseme nini, kwamba Mungu akutie nguvu, kwamba tuko pamoja nawe. Habari ya salio sikuigusa. Yalipopita majuma sita hivi alikuja mwenyewe dukani, akakaa kwenye benchi, tukazungumza habari za mama yake, kisha akafungua pochi.