Protini, wanga na mafuta ya baga ya nyumbani: hesabu inapoharibikia

*Mtaalamu, habari za kazi. Najitengenezea baga nyumbani kwa mkate wa dukani, nyama ya kusaga ya buchani, chizi ya vipande na sosi ninayochanganya mwenyewe. Takwimu za kila kimoja ninazo, lakini nikijumlisha, leo napata protini gramu 40, kesho gramu 24, na baga ni ileile. Nakosea wapi?*

Nzuri, ndugu yangu. Kujumlisha kwako hakuna kasoro. Kasoro iko kwenye nyama, na ninaweza kukuonyesha ilikotokea kwa kutumia majibu yako mawili. Majedwali ya vyakula huwa na mistari miwili kwa nyama ya kusaga, mmoja wa nyama mbichi na mwingine wa iliyopikwa. Nyama ya ng'ombe yenye mafuta asilimia 20, ikiwa mbichi, ina protini kama gramu 17 katika kila gramu 100, na ikishapikwa ina karibu gramu 26. Protini haikuongezeka jikoni. Kilichotokea ni kwamba maji yametoka, nyama imenywea, na protini ileile sasa imo ndani ya uzito mdogo zaidi.

Sasa chukua pati ya gramu 120 ikiwa mbichi, ambayo ikitoka kwenye kikaango hubaki na gramu 84 hivi. Ukiipima mbichi kisha ukasoma mstari wa nyama iliyopikwa, utapata protini gramu 31. Ukiipima ikiwa imepikwa kisha ukasoma mstari wa nyama mbichi, utapata gramu 14.3. Mkate, chizi na sosi vinaongeza gramu 9.3 hivi, na hapo ndipo zinapopatikana 40 zako na 24 zako. Jibu la kweli kwa nyama hiyo ni karibu gramu 20 na nusu, na utalifikia kwa njia yoyote kati ya mbili, mradi hali ya nyama kwenye mizani iwe ndiyo hali iliyoandikwa kwenye jedwali.

Mimi hupendelea kupima nyama ikiwa mbichi. Uzito wa nyama iliyopikwa hubadilika kwa dakika: pati iliyoachwa motoni mpaka ikakauka itakuwa nyepesi kuliko iliyotolewa mapema, na jedwali halijui wewe uliitoa saa ngapi. Uzito wa nyama mbichi hauna tatizo hilo. Una tatizo lake lingine, nalo ni mafuta, kwa sababu sehemu ya mafuta huyeyuka na kubaki kwenye kikaango, nawe huyali.

Kwa hiyo fanya hivi angalau mara moja kwa nyama unayoinunua siku zote. Pima kikaango kikiwa kikavu na kitupu, kisha pima pati mbichi. Kaanga bila kuongeza mafuta, na nyama ikishaiva itoe. Acha kikaango motoni kwa muda mfupi mpaka michirizo iache kutoa povu na kuchachatika, maana mlio huo ni wa maji yanayokauka. Kikipoa, kipime tena. Uzito ulioongezeka ni mafuta yaliyotoka kwenye nyama, pamoja na mabaki machache ya nyama yaliyogandia. Tuseme umepata gramu 8. Nyama mbichi ya gramu 120 yenye mafuta asilimia 20 ilianza na mafuta gramu 24, basi iliyoingia kwenye mkate imebaki na gramu 16. Gramu nyingine 28 zilizopungua kwenye uzito wa pati ni maji karibu yote, na maji hayahesabiwi. Ukitaka kuhakikisha, soma mstari wa nyama iliyopikwa kwa zile gramu 84: utakuta mafuta kama gramu 15 na protini kama gramu 21 na nusu. Njia mbili zikikaribiana hivyo, hesabu yako iko sawa.

Kama huwa unatia mafuta ya kukaangia, yapime kabla ya kuyamimina, uyajumlishe na mafuta ya nyama mbichi, kisha utoe kilichobaki kwenye kikaango. Hesabu ni ileile. Imeongezeka namba moja tu.

Jambo ambalo mizani haitakusaidia ni asilimia yenyewe ya mafuta, kwa kuwa nyama ya buchani haina lebo. Mchinjaji akisaga steki tupu unaweza kupata nyama yenye mafuta asilimia 10 au chini yake, na akichanganya na mafuta ya pembeni ili kilo itimie, inaweza kufika 20 au kupita. Kwa pati yetu, tofauti kati ya 10 na 20 ni gramu 12 za mafuta kabla ya kukaanga, yaani zaidi ya kilokalori 100. Chagua nyama mwenyewe, isagwe ukiona, na uendelee na buchani hiyohiyo ili kosa, kama lipo, liwe la aina moja kila wiki. Kiasi kinachotoka kikaangoni nacho kinasema kitu: pati inayoacha kikaango karibu kikavu haiwezi kuwa ya asilimia 20, hata kama ndivyo ulivyoandika kwenye daftari lako. Protini yenyewe haiyumbi sana, kwani ni kama gramu 17 kwa nyama yenye mafuta mengi na kama 20 kwa isiyo na mafuta mengi, katika kila gramu 100 mbichi.

Mkate ni rahisi kuliko vyote, ila usikubali uzito ulioandikwa kwenye pakiti bila kuweka mkate wenyewe kwenye mizani, kwa sababu mikate ya pakiti moja huweza kupishana. Pima kabla ya kuuchoma. Ukiuchoma kwanza unapoteza maji gramu tatu au nne, ukapunguza wanga kwenye karatasi ilhali wanga wote ungali mdomoni mwako. Tuseme mkate una gramu 62, na lebo inasema kila gramu 100 zina wanga 50, protini 9 na mafuta 4. Unapata wanga gramu 31, protini 5.6 na mafuta 2.5. Siagi unayopaka kabla ya kuuchoma ihesabu peke yake: gramu 5 za siagi zina mafuta gramu 4, na watu wengi huisahau kwa kuwa inanywewa na mkate na haionekani tena.

Chizi ya vipande haihitaji maelezo marefu. Gawanya uzito wa pakiti kwa idadi ya vipande. Kipande cha gramu 20, kwa lebo inayosema protini 17, mafuta 24 na wanga 6 kwa gramu 100, kitakupa protini 3.4, mafuta 4.8 na wanga 1.2.

Sosi ndiyo inayostahili uangalifu wa pili baada ya nyama, kwa sababu ni kidogo machoni na nzito kwa mafuta. Uihesabu kama chungu kimoja. Ukichanganya mayonezi gramu 200 yenye mafuta asilimia 75 na tomato sosi gramu 100 yenye wanga asilimia 27, unapata sosi ya gramu 300 yenye mafuta gramu 150, wanga gramu 29 na protini gramu 3. Gawa kwa tatu, utapata kwamba kila gramu 100 za sosi yako zina mafuta 50, wanga karibu 10 na protini 1. Andika namba hizo kwenye kikaratasi na ukibandike kwenye chupa. Wakati wa kupaka usitumie kijiko kama kipimo, maana kijiko cha chakula kilichosawazishwa na kile kilichorundikwa hupishana kwa gramu nyingi, na kila gramu 10 za sosi hii zina mafuta gramu 5. Weka chupa yenyewe juu ya mizani, bonyeza kitufe cha kurudisha sifuri, chota, paka kwenye mkate, kisha rudisha kijiko kilichobaki na sosi ndani ya chupa na utoe kijiko kikiwa kisafi. Mizani itaonyesha namba yenye alama ya kutoa, na hiyo ndiyo sosi iliyoingia kwenye baga. Tuseme ni gramu 30, basi ni mafuta 15, wanga 2.9 na protini 0.3.

Sasa jumlisha. Protini ni 5.6 za mkate, 20.6 za nyama, 3.4 za chizi na 0.3 za sosi, jumla gramu 30. Wanga ni 31, sifuri, 1.2 na 2.9, jumla gramu 35. Mafuta ni 2.5, 16, 4.8 na 15, jumla gramu 38. Nishati unaipata kwa kuzidisha protini na wanga kwa 4 na mafuta kwa 9, nayo ni kama kilokalori 605. Majani ya saladi na vipande viwili vya nyanya vitaongeza gramu moja au mbili za wanga, na mimi huwa siviandiki.

Tumia vizidisho hivyohivyo kukagua kila lebo kabla hujaiamini. Zidisha protini, wanga na mafuta ya lebo, jumlisha, kisha linganisha na nishati iliyochapishwa. Zikipishana kidogo ni kwa sababu ya kukadiria na ya nyuzinyuzi, ambazo lebo nyingine huzijumuisha ndani ya wanga na nyingine huziandika kando. Zikipishana kwa kama mara nne, umesoma kilojuli badala ya kilokalori, kwa maana kilokalori moja ni kilojuli 4.2 hivi. Zikipishana kwa kiwango kingine cha kushangaza, mara nyingi umechukua namba moja kwenye safu ya gramu 100 na nyingine kwenye safu ya kipimo cha mlo mmoja.

Baga ikishakamilika, kabla ya kuweka majani, ipandishe nzima kwenye mizani. Yetu ingepaswa kuwa na mkate uliochomwa gramu 58, nyama 84, chizi 20 na sosi 30, yaani gramu 192. Mizani ikisoma 205, usibadilishe takwimu zozote za lebo. Rudi ukatafute gramu 13 ambazo hukuziandika, na uanzie kwenye chupa ya sosi.