Moyo Kwenda Mbio Ghafla: Ni Hofu au Shoti ya Umeme?

Shikamoo daktari. Nina miaka 34, ni fundi cherehani. Nikiinama kuokota uzi moyo unaanza mbio papo hapo, unapiga hadi shingoni, baada ya nusu saa unaacha. Nimeambiwa ni wasiwasi, nikapewa vidonge vya usingizi. Kweli ni wasiwasi? – Msomaji, Morogoro

Marahaba. Sidhani, na kilichonifanya nisite ni hilo neno "papo hapo".

Mtu anaposhikwa na hofu kali, moyo huongeza kasi kwa njia yake ya kawaida. Unapanda kutoka 80 kwenda 100, kwenda 120, na unaposhuka hushuka polepole kama sufuria iliyoepuliwa jikoni. Mara nyingi hofu yenyewe hutangulia, au huja sambamba na kuhema haraka, ganzi ya vidole na midomo, na hisia kwamba unakufa.

Ugonjwa ninaoushuku kwako, ambao kwenye faili huandikwa SVT, hauna kupanda wala kushuka. Katikati ya moyo kuna kituo ambacho umeme hupitia ukitoka vyumba vya juu kwenda vya chini. Watu wengine wamezaliwa na njia mbili pale badala ya moja. Pigo moja likija kabla ya wakati wake, umeme hushuka kwa njia hii na kurudi juu kwa ile, kisha hushuka tena, kama daladala iliyoingia kipilefti ikakosa pa kutokea. Kila mzunguko ni pigo moja, na kwa dakika hufika 150 hadi 220 hata kama umekaa umetulia. Mzunguko ukikatika, moyo hurudi sawa kwa pigo moja tu. Wagonjwa wangu husema "kama mtu kazima swichi".

Kuinama ni kichokozi kinachojulikana. Kupiga shingoni nako ni dalili nzuri kwetu, maana vyumba vya juu na vya chini vinabana kwa wakati mmoja, damu inakosa njia na kurudi kwenye mishipa ya shingo. Jiulize pia kama baada ya tukio huwa unakojoa sana. Hilo nalo huwapata wengi.

Kwamba uliogopa si ushahidi wa wasiwasi. Nani moyo wake upige 190 asiogope? Mwaka 1997 madaktari wa Marekani walichapisha habari za wagonjwa 107 wa SVT: 67% kati yao walikuwa na dalili zinazotosha kuitwa ugonjwa wa hofu, na wanawake ndio waliobandikwa jina hilo zaidi. Ninakusihi usikubali vidonge vya usingizi kabla moyo haujapimwa ukiwa katikati ya mbio zake.

Dokta, nimepima ECG mara mbili, zote safi. Sasa wananiona mzushi. – Baba Salma, Tanga

Hukuzusha kitu. ECG ni kipimo cha umeme wa moyo, na karatasi yake hubeba kama sekunde 10 za maisha yako. Ukifika kwenye kipimo moyo umeshatulia, karatasi itaandika moyo uliotulia. Kati ya tukio na tukio, wenye SVT wengi wana ECG isiyo na kasoro yoyote. Wachache huonyesha alama ya njia ya ziada ya umeme, ndiyo maana kipimo cha siku ya utulivu nacho kina kazi yake.

Karatasi yenye thamani ni ile iliyochukuliwa moyo ukiwa mbioni. Nikupe mfano. Kijana mmoja alikuwa na mashaka kama yako kwa miaka miwili. Nilimwambia: siku ikianza, usije kwangu, nenda kituo chochote cha karibu chenye mashine, na mlangoni sema "moyo unakwenda mbio sasa hivi, naomba ECG kabla ya jambo lolote". Alibandikwa vile vibandiko 10, vinne mikononi na miguuni, sita kifuani. Karatasi ilionyesha vilele vyembamba, vimepangana kama meno ya kitana, na kati ya kilele na kilele kulikuwa na kisanduku kikubwa kimoja na nusu kati ya vile vilivyochorwa kwenye karatasi. Kanuni yetu ni kugawa 300 kwa idadi ya visanduku hivyo, kwa hiyo mapigo yake yalikuwa 200. Moyo wa mtu aliyelala kitandani haufiki hapo kwa hofu. Karatasi ile moja ilimaliza ubishi wa miaka miwili.

Omba nakala, au ipige picha kwa simu. Faili hupotea, tena hupotea siku unayolihitaji.

Nilivalishwa Holta saa 24, na siku hiyo moyo ukatulia tuli. Pesa zangu zimeenda bure? – Mwanaidi, Mombasa

Karibu bure, na kosa si lako. Holta ni ECG ndogo ya kuvaa kiunoni au kifuani, na hufaa mtu anayepatwa kila siku au karibu kila siku. Ukipatwa mara moja kwa mwezi, saa 24 zina nafasi moja kati ya thelathini. Anayepatwa kila wiki anahitaji kifaa cha kubandika kifuani kwa wiki mbili. Anayepatwa mara mbili kwa mwaka na kuzimia, kipo kidogo kinachowekwa chini ya ngozi na kukaa miaka.

Ukivaa tena, fanya kazi zako zote, hata zile zinazokuchokoza, na uandike saa na dakika ya kila unachohisi. Ukihisi mbio saa 10:20 jioni na mashine ikaonyesha mapigo ya kawaida yaliyopanda taratibu hadi 115, hilo nalo ni jibu: si shoti. Hapo tutapima wingi wa damu na tezi ya shingo, na tukivikuta sawa tutatibu hofu kama ugonjwa halisi.

Je, naweza kuuzima mwenyewe nyumbani? Jirani anasema nibonyeze macho. – Msomaji, Dodoma

Macho yaache, utayaumiza. Shingo pia usiibonyeze.

Ikiwa SVT imethibitishwa na daktari amekuruhusu, kaa ukiwa umeegemea, puliza kwa nguvu ndani ya bomba tupu la sindano la mililita 10 mpaka kisukumio kianze kusogea, sekunde 15 bila kukatisha. Mara tu ukimaliza lala chali, na mtu akuinulie miguu kwa sekunde 15 nyingine. Katika jaribio lililofanyika Uingereza na kuchapishwa 2015, njia hii iliwarudisha sawa 43% ya wagonjwa, na kupuliza tu bila kuinuliwa miguu 17%. Kwa hiyo hata ukiifanya vizuri inaweza kugoma. Ikigoma nenda hospitali, kuna dawa ya mshipani iitwayo adenosini. Ikiingia, kwa sekunde chache kifua hubana na mtu huhisi kama anazama, kisha mzunguko hukatika. Afadhali uambiwe mapema kuliko kushtukizwa. Anayesumbuliwa mara kwa mara anaweza kuunguzwa ile njia ya pili kwa waya unaopitishwa kwenye mshipa wa paja, na wengi hupona moja kwa moja.

Ila ukizimia, ukibanwa kifua, ukishindwa kupumua, mbio zikikuanza ukiwa unakimbia, au kwenu kuna kijana aliyekufa ghafla, usipulize bomba. Tafuta usafiri uende hospitali wakati huo huo.