Umebadilisha kadi, Wi-Fi inafanya kazi, Bluetooth imetoweka

Wewe unayeanza ufundi wa laptopu, kosa hili mimi nililifanya mapema. Mteja alitaka kadi mpya ya Wi-Fi. Nikaichomeka, nikafunga skrubu, Wi-Fi ikashika, nikamkabidhi mashine yake. Jioni akarudi na spika yake mkononi: kwenye Settings hakuna pa kuwasha Bluetooth. Nikapoteza saa nzima nikishusha draiva moja baada ya nyingine.

Nilidhani kwa kuwa Wi-Fi inashika, kadi ni nzima. Kumbe kwenye kadi za kawaida za M.2 Wi-Fi hupita njia ya PCIe, na Bluetooth hupita njia ya USB ndani ya tundu hilohilo. Moja inaweza kuishi na nyingine ikawa imekufa. Waya za antena usizilaumu hapa. Zikilegea mawimbi yanakuwa hafifu, lakini kifaa hakipotei.

Kwa hiyo anzia kwenye orodha ya vifaa. Bonyeza Windows na R, andika `devmgmt.msc`, kisha kwenye View chagua Show hidden devices. Jina likionekana kwa rangi iliyofifia, hiyo ni kumbukumbu ya kadi ya zamani, isikudanganye. Kwa yule mteja sehemu ya Bluetooth haikuwepo kabisa, ila chini kwenye orodha ya USB palikuwa na Unknown USB Device, Code 43. Maana yake kuna kitu kimegongwa mlango wala hakikuitika. Hapo draiva haisaidii. Nilizima mashine kwa `shutdown /s /t 0`, ambayo huizima kabisa, nikachomoa chaja na plagi ya betri, nikashikilia kitufe cha kuwashia kama sekunde 30, nikarudisha. Bluetooth ikajitokeza.

Kama orodha haina hata hicho kifaa kisichojulikana, ingia BIOS uone kama Bluetooth imezimwa, hasa ikiwa uligusa betri ndogo ya ubao. Angalia pia swichi ya hali ya ndege. Ile ya Windows kwa kawaida huzima tu na kitufe hubaki kinaonekana, lakini kwenye baadhi ya laptopu swichi ya pembeni hukiondoa kifaa kizima kwenye orodha. Na kadi kama AX201 inataka ubao wenye CNVi, yaani mfumo wa Intel ambao sehemu ya kazi ya kadi hufanywa na chipu za mashine yenyewe. Kwenye tundu lisilo na CNVi haitafanya kazi, wala usihangaike nayo.

Huduma ya Bluetooth ya Windows, iitwayo `bthserv`, iache mwisho, pale kifaa kipo kwenye orodha bila alama ya njano na bado kitufe hakuna. Fungua Command Prompt kama msimamizi:

```
sc query bthserv
sc config bthserv start= demand
net start bthserv
```

Nafasi baada ya `=` usiiruke. Na usitumie dirisha la Windows PowerShell, maana humo `sc` ni amri nyingine.

Siku hizi mashine haitoki mezani kwangu kabla sijaiunganisha na spika yangu mwenyewe.