Hiyo "mara" inawaponza watoto

*"Mwalimu, mwanangu ameambiwa 5⁰ ni 1 na 5⁻² ni 1/25. Je, ni sahihi kusema 'tano ikizidishwa kwa yenyewe mara sifuri'? Na mbona kipeo hasi hakileti jibu hasi?" (Mzazi, Jinja)*

Si sahihi. Tena sentensi hiyo imenichosha siku nyingi, maana hata kabla ya kufika kwenye sifuri imeshaharibika. Chukua 5³. Tunafundishwa kuwa ni "tano ikizidishwa kwa yenyewe mara tatu". Haya, tutii. Zidisha mara ya kwanza, 5 kwa 5, upate 25. Mara ya pili, 125. Mara ya tatu, 625. Lakini jibu linalotakiwa ni 125! Aliyetii Kiswahili kakoseshwa, aliyepuuza maneno kapewa alama. Tazama 5 × 5 × 5 uhesabu: tano ni tatu, kuzidisha ni mara mbili tu. Sasa mwambie mtoto huyo "mara sifuri". Ataandika 0, au ataiacha 5 kama ilivyo, nami simlaumu.

Semeni hivi: anza na 1, kisha izidishe kwa 5 mara tatu. 1 × 5 × 5 × 5 ni 125, na safari hii mara ni tatu kweli. Tunaanza na 1 kwa sababu ndiyo isiyobadilisha kitu katika kuzidisha, kama 0 katika kujumlisha. Kipeo kikiwa sifuri, hukuzidisha hata mara moja, basi 1 yako imebaki palepale.

Asiyeamini ashuke ngazi: 5³ ni 125, 5² ni 25, 5¹ ni 5. Kila kipeo kikipungua kwa 1, umegawanya kwa 5. Endelea: 5 ugawanye kwa 5 ni 1, hiyo ndiyo 5⁰. Gawanya tena upate 1/5, kisha 1/25, ambayo ni 5⁻².

Kipeo ni ndugu wa upeo, kwa hiyo naelewa kwa nini hasi inatisha, kana kwamba tumetumbukia chini ya sifuri. Hatujatumbukia. Hasi iliyo kwenye kipeo inakuamuru kugawanya badala ya kuzidisha, basi. Gramu moja ni kilo 10⁻³, yaani 1/1000 ya kilo, na hakuna muuza sukari aliyewahi kumpimia mtu kilo hasi.

Ila wanaoandika "namba yoyote ikiwa na kipeo sifuri ni 1" nao wana lao. Jaribu kushuka ngazi hiyo kwa 0: hatua ya kufika 0⁰ inakudai ugawanye 0 kwa 0, na 0⁻² inakudai ugawanye 1 kwa 0. Haigawanyiki. Yanahitajika maneno mawili tu, "isipokuwa sifuri", na sidhani wino umepanda bei kiasi hicho.