Maumivu ya kongosho yanayopita mpaka mgongoni: kufunga nyumbani siyo tiba

SWALI: Dokta habari za kazi. Mimi ni mwanaume, miaka 38, naishi Nkuhungu hapa Dodoma. Hii ni mara ya tatu sasa, nikinywa sana wikiendi au nikila kitimoto cha mafuta mengi, kesho yake nashikwa na maumivu makali kwenye chembe ya moyo yanapita mpaka mgongoni. Nikikaa nimeinama mbele napata nafuu kidogo. Mara mbili za mwanzo nilifunga siku mbili, maji tu, yakaisha, kuna jamaa aliwahi kuumwa kongosho ndo alinishauri hivyo. Safari hii leo ni siku ya pili, natapika hata maji na maumivu hayashuki. Niendelee kufunga mpaka lini?

JIBU: Usiendelee hata saa moja kaka yangu. Kama bado unatapika mwambie mtu akupeleke hospitali sasa hivi, General au Benjamin Mkapa au popote penye maabara na wodi ya kulaza, na usiende kwa boda peke yako maana presha ikishuka njiani utaanguka. Haya mengine utayasoma baadaye.

Sasa niongee na wengine pia, maana hii habari ya "kongosho likipumzishwa na chakula linapona lenyewe" nakutana nayo kila mara na inanichosha kweli, kwa sababu watu wanaokuja na hiyo imani ndo wanaokuja wamechelewa.

Kongosho linatengeneza maji makali ya kumeng'enya chakula. Kwa kawaida yale maji yanatoka yakiwa yamelala, yanaamshwa yakishafika kwenye utumbo mdogo. Pombe nyingi ya muda mrefu, au kijiwe kutoka kwenye kifuko cha nyongo kikiziba njia, vinafanya yaamkie humo humo ndani ya kongosho, yaani kiungo kinaanza kujimeng'enya chenyewe. Na kwa vile kongosho limelala nyuma ya tumbo la chakula, karibu kabisa na uti wa mgongo, ndo maana maumivu yanapita nyuma na ndo maana ukiinama mbele unapata unafuu. Sasa hapo ikishaanza, chakula sio kinachoiendesha tena. Kufunga wakati huo ni sawa na kuondoa kuni jikoni wakati paa limeshashika moto.

Kinachoua mapema sio chakula, ni maji. Ule uvimbe unafanya mishipa midogo ya damu ivuje, maji ya damu yanatoka kwenye mishipa yanaenda kujikusanya nyuma ya tumbo na kuzunguka kongosho, lita kadhaa, na hauyaoni. Hujaharisha, hujatoka jasho, ila ndani ya mishipa umekauka. Ongeza kutapika. Alafu mtu anasema "nafunga, nakunywa maji tu", maji gani sasa wakati kila ukinywa yanarudi?

Nieleze mgonjwa mmoja mtaelewa. Dereva wa lori, miaka 40 na kitu, kilo kama 70, alikunywa pombe kali na nyama choma Ijumaa na Jumamosi, Jumapili mchana maumivu yakaanza. Akafunga. Jioni akaenda duka la dawa akachomwa diklopa akapewa na omeprazo, akaambiwa ni vidonda vya tumbo. Jumatatu nzima anatapika, mke wake anamnywesha maji kwa kijiko, mkojo siku hiyo alipata mara moja tu, kidogo, umekolea kama chai ya rangi. Jumanne asubuhi ndo analetwa. Mapigo ya moyo 130 kwa dakika, presha 85 kwa 50, anahema mara 30 kwa dakika. Lipesi, kile kimeng'enya cha kongosho tunachopima kwenye damu, ilikuwa 1,900 na mwisho wa kawaida kwa maabara ile ni 60. Kwetu ikizidi mara tatu ya kiwango cha juu pamoja na maumivu ya aina hiyo, jibu limeshapatikana. Kreatinini 290 wakati mwanaume wa kawaida hatakiwi kuvuka 110 hivi, maana yake figo zimeanza kugoma kwa kukosa maji, na ile diklopa ilizisukuma zaidi, kwa sababu diklopa kwa mtu aliyekauka inabana damu inayoingia kwenye figo.

Tulimpa dripu ya ringa lakteti 700 haraka haraka, yaani mililita 10 kwa kila kilo, alafu baada ya hapo kama mililita 105 kwa saa, tukamwekea mpira wa mkojo tuone kama anatoa angalau mililita 35 kila saa. Jumlisha mwenyewe, siku ya kwanza ni zaidi ya lita tatu zimeingia moja kwa moja kwenye mshipa. Linganisha na kile kijiko cha mke wake. Usiku akaanza kutetemeka na kuweweseka, sio kongosho hilo, ni pombe iliyokatika ghafla kwa mtu aliyezoea kunywa kila siku, na hilo nalo likikukuta chumbani peke yako linaweza kukuletea degedege. Mkojo ulifunguka siku ya pili, akakaa wodini karibu wiki mbili, na akaponea chupuchupu kupelekwa kwenye mashine ya kusafisha figo.

Na hapa ndo nataka mnisikilize. Siku ya tatu kutapika kulipoacha na yeye mwenyewe akasema ana njaa, tulimpa uji, kesho yake ugali laini na mboga isiyo na mafuta. Alishangaa sana, mbona mnanilisha wakati kongosho linatakiwa lipumzike? Zamani kweli hata sisi tulikuwa tunawafungisha wagonjwa siku nyingi, mpaka vipimo vishuke. Siku hizi hatufanyi hivyo, mgonjwa ambaye hali yake inaruhusu tunaanza kumlisha ndani ya saa 24 mpaka 48, kwa sababu utumbo usiopata chakula ukuta wake unadhoofika na bakteria wanapata njia ya kupenya mpaka kwenye kongosho lililooza. Kwahiyo hata huko hospitali kufunga sio dawa. Ni kitu cha muda mfupi tu mgonjwa akiwa anatapika, dawa ni dripu, maumivu kutulizwa vizuri, na kutafuta chanzo.

Mtu ataniuliza, sasa mbona mimi nilifunga mara mbili nikapona? Ulipona kwa sababu karibu wagonjwa wanne kati ya watano wanapata ile ya kawaida ambayo inatulia yenyewe ndani ya siku chache, ungekula uji wa chumvi ungepona vilevile. Na ulipofunga uliacha na pombe siku hizo, hilo ndo lililosaidia. Shida iko kwa yule wa tano, na siku ya kwanza hata mimi nikikuangalia kwa macho siwezi kusema wewe ni wa nne au wa tano. Yule ambaye mapafu, figo au mzunguko wa damu unagoma na haurudi ndani ya siku mbili, anaweza kufa hata akiwa hospitali, karibu mmoja kati ya watatu wa kundi hilo hatoki.

Kufunga nyumbani kunaharibu na jambo lingine ambalo watu hawalijui. Amilesi, kipimo ambacho hospitali nyingi ndogo ndo wanacho, inapanda mapema lakini inaweza kushuka ndani ya siku tatu mpaka tano. Ukijifungisha nyumbani siku nne alafu ndo uje, kipimo kinasoma kawaida, unaambiwa huna kongosho, unarudi na omeprazo zako kwenye mfuko. Lipesi inakaa juu zaidi, wiki moja na kitu, ndo maana ukichelewa omba hiyo, na useme wazi maumivu yalianza lini na ulikunywa nini, usione aibu. Na wakupime umeme wa moyo pia, kuna shambulio la moyo linaloumia hapo hapo kwenye chembe ya moyo.

Wewe uliyesema unaumwa na ukila mafuta, usikubali kuruhusiwa bila ultrasaundi ya kifuko cha nyongo. Kama kuna vijiwe, kifuko kinatakiwa kitolewe, na kwa ugonjwa ambao sio mkali kinatolewa kabla hujarudi nyumbani au mapema iwezekanavyo, la sivyo kijiwe kingine kitashuka tu. Hapa ndo wanapoingia hawa wa mitandaoni na wa minadani na chupa zao za "kusafisha kongosho" na "kuyeyusha mawe". Wanakupa mafuta ya zeituni kikombe kizima na ndimu na chumvi ya haluli unywe usiku. Mafuta yote yale yanafanya kifuko cha nyongo kijiminye kwa nguvu, kama kuna kijiwe kinasukumwa kwenda pale pale kinapoziba kongosho. Haluli inakuharisha, na wewe ulikuwa umeshakauka. Asubuhi unaonyeshwa mabonge ya kijani chooni unaambiwa ndo mawe yako hayo, wakati ni yale mafuta yamegandana na nyongo yakawa kama sabuni, vijiwe viko pale pale tukipiga ultrasaundi. Mimi hawa watu siwavumilii, wanauza kitu kinachoweza kuua na namba ya simu wameandika kubwa kwenye bango.

Na wale wanaoita nesi wa mtaani aje atundike dripu nyumbani, hapana. Utafiti mkubwa uliotoka mwaka 2022 ulilinganisha dripu nyingi za haraka na dripu za kiasi kwa wagonjwa wa kongosho, ukasitishwa kabla ya wakati kwa sababu waliopewa nyingi walizidiwa na maji bila kupona haraka zaidi. Kiasi kinapangwa kwa kuangalia mkojo, mapigo, presha na kupumua, tena kinabadilishwa kila baada ya saa chache, huwezi kufanya hivyo sebuleni.

Mlio mbali, Mpwapwa ndani ndani huko au Kondoa au Manyoni vijijini, msisubiri gari la kesho mkiwa nyumbani. Nendeni zahanati au kituo cha afya kilicho jirani muwekewe dripu ya kwanza na mtafutiwe rufaa, mkataeni mtu anayetaka kuchoma diklopa kama mgonjwa hajakojoa tangu asubuhi, waambieni wawape paracetamo au tramado ya kushikilia njiani. Na anayemsindikiza mgonjwa ahesabu mara ngapi amekojoa na amehema mara ngapi kwa dakika, aviandike kwenye karatasi, ndo maswali ya kwanza tutakayowauliza mkifika.